Msijibu Chochote Kinachotoka Kwetu

Maneno ya kwanza niliyoandika yalikuwa "Ndugu wateja", nikayafuta. Wateja gani? Tangu vita vilipoingia Goma, hakuna aliyekuwa akiuliza bei ya vitenge kwenye ukurasa ule wa Facebook. Nikaandika "Ndugu wafuasi", yakanikumbusha nabii wa mtaani kwetu mwenye kipaza sauti, nikayafuta pia. Mwenye ukurasa alikuwa amekaa mbele yangu juu ya robota la vitenge, anaangalia vidole vyangu kama mtu anayemwangalia fundi akimfungulia redio.

"Bado haujaandika kintu?"

"Bado, mama."

"Miaka yote ile ya chuo pale Kasapa, na barua ya mistari mitatu inakushinda."

Hakuwa mama yangu. Alikuwa jirani yetu wa Bel-Air, Lubumbashi, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye depo, yaani ghala, Kampemba, nyuma ya soko. Sisi ni wa kaskazini ya Katanga. Babu yangu aliletwa huku na reli, na ukoo mzima umebaki na tabia ya kusubiri kitu kifike kwa saa yake. Yeye alikuja na lori. Watu wa lori hawasubiri, wanapiga simu. Nilipomaliza chuo na kukaa nyumbani bila kazi, nikibishana na redio ya baba, alinichukua nimtunzie ukurasa wa Facebook wa depo: picha za mzigo mpya, saa za kufungua, salamu za sikukuu. Kazi haikuwa kubwa. Nilikuwa naifanya huku nikijiuliza kama ndiyo kazi.

Kisha Goma ikaanguka, na ukurasa ukageuka bila mtu kuugeuza. Wafuasi wake wengi walikuwa watu wa kwao, wa huku na wa kule, waliokuwa wakiagiziana mizigo. Mtandao wa kule ulipokuwa ukirudi kwa dakika chache, walifungua mahali walipozoea kufungua. Chini ya picha ya vitenge vya njano mtu akaandika: "Kuna mtu ameona watoto wa dada yangu wa Ndosho?" Mwingine akamjibu. Baada ya hapo hatukuweka tena picha ya kitambaa. Niliwahi kusema kwamba jambo hili ni la hatari, kwamba watu wanaandika majina ya watoto mbele ya ulimwengu mzima. Mama wa depo aliniuliza kama nina mahali pengine pa kuwapeleka. Sikuwa napo.

Na yeye alikuwa na wake. Binti yake wa mwisho alikuwa anasoma Goma, afya ya jamii, mwaka wa pili. Simu yake ilikuwa imekata siku mji ulipoanguka na haikuita tena. Tulikuwa tumezunguka kila njia. Mama alikuwa na namba mbili na alizibadilisha mara kwa mara kwa sababu za kibiashara, kwa hiyo tulijua kwamba mtoto akiwa amepoteza simu, hana namba ya mama kichwani. Nani ana namba ya mtu kichwani siku hizi? Alichokuwa nacho kichwani ni jina la depo. Angeweza kuomba simu ya mtu yeyote, akaandika jina lile, akafika kwa mama yake. Mama alilishikilia hilo kwa mikono yote miwili. Kila asubuhi, kabla hajavua viatu vya barabarani na kuvaa kandambili za depo, aliniuliza: "Kwa ukurasa kuko nini?"

Asubuhi ya mambo haya, kwa ukurasa hakukuwa na sisi.

Nilikuwa nimeondolewa. Simu yangu ilinionyesha ukurasa kama inavyouonyesha kwa mtu yeyote apitaye. Sikuwa na kitufe cha kuandika kwa jina la depo, wala sanduku la ujumbe. Nilidhani ni mtandao. Halafu mama akasema kwamba hata akaunti yake mwenyewe inamkataa, inamwambia neno la siri si sahihi. Nikamuuliza jana alifanya nini na simu. Alijibu kwamba hakufanya kitu. Nikamuuliza tena, polepole, na hapo akaeleza.

Alikuwa amepata ujumbe kutoka kwa mwenzake wa kanisa, muuza sabuni wa jumla, mtu anayemwamini kuliko benki. Ujumbe ulisema kuna orodha mpya ya watu waliovuka salama, abonyeze aone kama mtoto yumo. Akabonyeza. Ukafunguka ukurasa wa buluu unaofanana kabisa na Facebook, ukamwomba aingie upya. Akaandika namba na neno la siri. Orodha haikuja. Akadhani mega za mtandao zimeisha.

Muuza sabuni, tulipompigia, hakuwa ametuma kitu. Akaunti yake ilikuwa imeibwa juzi yake, kwa njia hiyo hiyo, na yeye hakumwambia mtu kwa aibu.

Kwa hiyo njia ya mwizi ilikuwa rahisi. Ukurasa hauna neno la siri la peke yake, unaongozwa na akaunti za watu. Mimi nilikuwa mmoja, mama alikuwa mwingine, mwenye mamlaka yote. Aliyeshika akaunti ya mama alishika ukurasa, akaniondoa kwa mkono wa mama mwenyewe, akabadilisha neno la siri na anwani ya barua pepe. Nilipojaribu kuirudisha akaunti kwa kuomba kode, zile namba za kuthibitisha, Facebook ilinionyesha anwani ya mwizi, herufi ya kwanza na nyota nyingi.

"Kabla yake kulikuwa barua pepe gani?" nikamuuliza.

"Mi ninajua? Ni mutoto alinifungulia konti. Aliweka yake."

Anwani ya zamani, ile ambayo Facebook hutuma onyo kila kitu kinapobadilishwa, ilikuwa ya binti aliyekosekana. Ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwa mtu tuliyekuwa tunamtafuta kwa kupitia nyumba hiyo hiyo.

Wakati huo simu za depo zilianza kulia. Mwizi hakulala. Kwa jina letu alikuwa anawaandikia wote waliowahi kuuliza habari za ndugu: tuna orodha, bonyeza hapa, tumetuma kode kwenye simu yako, tusomee tukuandikishe. Waliosoma kode walipoteza akaunti zao za WhatsApp papo hapo, na akaunti hizo nazo zikaanza kuwaandikia wengine. Nilijaribu kuweka onyo chini ya picha ya juu ya ukurasa, kutoka akaunti yangu. Likafutwa kabla sijarudisha simu mezani, kisha nikazuiwa hata kuuona ukurasa. Ndipo nilipomwambia mama kwamba lazima tutoe tangazo mahali pengine, kila mahali, saa hii: ukurasa umeibwa, msijibu chochote kinachotoka kwetu.

Alikataa.

Hakupaza sauti. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la kitenge. "Ukisema hivyo, bantu bote batatoka."

"Ndiyo maana, mama. Watoke."

"Na yeye? Akikuta ukurasa umekufa, atanitafutia wapi?"

Nikamwambia ukurasa haujafa, umeshikwa, na hiyo ni mbaya zaidi. Mtoto akiandika leo, atakayemjibu ni mwizi. Nilisema hivyo kwa sababu ni kweli. Sijui kama kweli ina haki ya kusemwa kwa haraka kiasi kile. Alikaa na miwani mkononi. Nje, wabeba mizigo walikuwa wanabishana kama jeshi lililopita jana barabarani lilikuwa linakwenda au linarudi. Siku zile Lubumbashi yote ilikuwa inabishana hivyo. Wengine walisema vita vitafika hapa kabla ya mvua kuisha, wengine walianza kuwaangalia watu wa mashariki kwa jicho la pembeni, kana kwamba walivileta vita ndani ya marobota. Mimi sikuamini upande wowote na sikupata usingizi mzuri kwa upande wowote.

"Andika," akasema mwishoni. "Lakini uandike kama yeye naye atasoma."

Hapo ndipo nilipokwama kwenye neno la kwanza. Mstari wa pili ulinikwamisha zaidi. Fikiria: akaunti nyingine, isiyojulikana, inakuja kukuambia kwamba akaunti unayoijua imeibwa, usiiamini, niamini mimi, namba yangu ni hii. Hivyo ndivyo mwizi angeandika. Ningelipokea mimi tangazo kama hilo ningelicheka. Nilimweleza mama shida hii na akaniangalia kwa huruma.

"Kwani batasoma? Basikie sauti yangu."

Akachukua simu yangu, akaishika mbele ya mdomo kama kipande cha mkate, akazungumza kwa Kinande, lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili. Alisema yeye ni nani, mtoto wa nani, depo iko nyuma ya nini. Alisema konti yake imeibwa, hana orodha yoyote, hajaomba kode kwa mtu na hataomba. Aliyetumiwa kiungo asibonyeze, aliyesoma kode aingie haraka kubadilisha neno la siri na kuwaonya watu wake. Mwenye habari apige namba ya msichana huyu au afike depo kwa miguu yake. Mwishoni, bila kubadilisha sauti, akasema: "Na wewe uliyenifungulia konti, usiandike kule. Piga huku."

Chini ya sauti niliweka maandishi mafupi, yale yale, kwa wasiokuwa na mega za kusikiliza. Tulituma kwa kila kikundi tulichokijua. Mchungaji wao aliicheza rekodi ile kanisani kwenye kipaza sauti, baada ya matangazo ya ndoa.

Na hapo watu wa Mungu wakafanya kosa ambalo sikulifikiria. Katibu wa kwaya, mtu mwangalifu sana, aliona tangazo letu halijakamilika, kwa sababu tulisema "kiungo" bila kuonyesha ni kipi. Akakitafuta kwenye simu yake, akakibandika chini ya maneno yetu: "Hiki ndicho kiungo kibaya, msikibonyeze." Kikiwa hai, chenye rangi ya buluu, kinabonyezeka. Akakituma kwa kwaya, kwaya ikatuma kwa akina mama, akina mama kwa mikoa yote. Watu wakabonyeza kuhakikisha kama ni kile kile kibaya. Nilipompigia, alinijibu kwa heshima kwamba mgonjwa lazima aonyeshwe nyoka aliyemuuma. Nikamwambia kwa picha, baba, si kwa nyoka mwenyewe. Alikifuta kwake, lakini kule kulikokwisha kufika hakukufutika. Tulituma tangazo jipya, safari hii tukiwaomba walipeleke kama lilivyo, bila kuongeza hata nukta.

Simu yangu sasa ilikuwa ofisi. Nilipokea asante, matusi, mahubiri, na mtu mmoja aliyetaka kujua kama vitenge vya njano bado vipo. Halafu wakaanza wale wengine. Mwizi alikuwa amesoma sanduku letu lote la ujumbe, na humo mama alikuwa amemwelezea mtoto wake kwa kila aliyekuwa karibu na Goma: chuo chake, darasa lake, sweta aliyokuwa amevaa kwenye picha ya mwisho. Kwa hiyo zilikuja jumbe kutoka namba nisizozijua, zenye maelezo sahihi kabisa. Binti yuko nami. Anasoma afya ya jamii. Ana sweta ya kijani. Tuma nauli.

Usahihi ule ndio ulionisumbua. Nilikuwa nimefundishwa kwamba habari huthibitishwa kwa maelezo. Sasa maelezo yote yalikuwa mikononi mwa mwizi, na kila kitu cha kweli kilikuwa na harufu yake.

Mama alisoma ujumbe mmoja, wa mtu aliyejiita mwalimu. Akaniambia niandike: "Asante, baba. Mguu wake uliovunjika unaendelea namna gani?"

Jibu lilikuja upesi. Mguu unapona, mama asiwe na wasiwasi, amefungwa bendeji nzuri.

"Muzuie," akasema.

"Hajawahi kuvunjika mguu?"

"Hata kidole."

Nikamuuliza alifikiria nini. Akanieleza huku akihesabu mafundo ya robota, kana kwamba ni jambo ambalo kila mtu analijua. Kwa watu wa malori, shofere usiyemjua anapokupigia kutoka njiani akisema ana mzigo wako, humuulizi ni mzigo gani. Atakuwa ameshausoma kwenye karatasi. Unamwambia kitu cha uongo. Unamwambia, zile gunia zangu zenye uzi mwekundu zimelowa? Mwenye mzigo wa kweli atakukatalia: mama, hakuna uzi mwekundu hapa, na hazijalowa, unanitania? "Mwizi anakubali kila kintu," alisema. "Hataki mugombane. Muntu wa kweli anakukatalia."

Sikuacha kubishana hata hapo. Nikasema mwizi mwenye akili atajifunza kukataa. Akasema ndiyo, siku hiyo wataanza kuuliza namna ingine.

Ujumbe wenyewe ulikuja baada ya siku chache, mchana, depo imejaa watu, kutoka namba ya Uganda. Nilikuwa nimeshajifunza kuzuia namba kwa kidole kimoja, bila kusoma zaidi ya mstari. Mstari huu ulikuwa: "Yaya, kode za konti ya mama ziko kwangu." Aliniita yaya, dada mkubwa, kama watoto wote wa mtaani kwetu, lakini neno kode lilinitosha. Ndilo neno tulilowaambia watu wote walikimbie. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Mama alikuwa anaangalia juu ya bega langu. Tangu asubuhi alikuwa anafanya hivyo, na nilikuwa nimemwomba mara nyingi aache.

"Soma yote kwanza."

Nikasoma yote, kwa sauti ya chini. Aliyeandika alisema simu yake ilichukuliwa njiani. Alisema barua pepe yake ilikuwa bado wazi kwenye simu ya mwenzake wa darasa, waliyokuwa wanaitumia kupelekea kazi za chuo, na wako pamoja, wamelala kwenye ukumbi wa kanisa ng'ambo ya mpaka. Facebook imemwandikia kwamba anwani ya akaunti imebadilishwa, na kama si mwenyewe aliyefanya hivyo, kuna mahali pa kubonyeza. Hajabonyeza bado. Amesikia sauti ya mama kwenye kikundi cha wakimbizi. Anaomba aambiwe afanye nini.

Kila neno liliwezekana. Kila neno pia lingeweza kuandikwa na mtu aliyekaa na sanduku letu la ujumbe mbele yake. Nilimwambia mama hivyo. Nilimwambia hata habari ya barua pepe mwizi anaijua, maana yeye ndiye aliyeibadilisha. Sijui kwa nini nilikuwa naongea kwa haraka vile, kama mtu anayezuia mlango.

"Basi tumupige simu," mama akasema.

Tulipiga. Iliita, ikakatika. Tulipiga tena, haikuita kabisa. Ujumbe ukaja: mtandao hapa ni mbaya, sauti haipiti, andikeni tu. Hata hilo lilikuwa jibu ambalo mwizi angetoa. Wabeba mizigo walikuwa wameacha kubeba.

Mama alikaa juu ya robota. Akaniambia niandike, na sauti yake ilikuwa ile ya kuulizia bei: "Mwambie mama anafurahi sana. Leo amemupikia sombe na samaki wakavu wale anapenda, amemuwekea sahani."

Niliandika. Alama zikaonyesha ujumbe umefika. Zikaonyesha umesomwa. Hakuna jibu. Muuza sabuni alikuwa amekuja kuomba msamaha kwa mara ya pili, akaambiwa asimame hapo hapo mlangoni asiongee. Nilianza kutunga kichwani jinsi nitakavyosema kwamba hata kimya hakithibitishi kitu.

Kisha simu ikatikisika mkononi mwangu.

"Mwambie mama aache kunipima kama shofere. Samaki wake akule mwenyewe."

Nilimsomea. Sikuwa na swali, na hilo kwangu halitokei mara nyingi.

Mama hakulia. Alisimama, akafunga kitenge chake upya kiunoni, akamgombeza mbeba mizigo mmoja kwa kuweka boksi mahali ambapo boksi zote huwekwa. Akaenda hadi mlangoni, akarudi. Alinyang'anya simu, akaitazama namba ile ya Uganda, akanirudishia kwa sababu hakuwa na miwani.

"Hali samaki tangu yuko mutoto mudogo," akamwambia muuza sabuni, akimtaja binti kana kwamba anamlaumu. "Ananuka, anasema. Samaki ananuka. Sasa alikuwa anataka anuke nini?"

Kazi iliyobaki ilikuwa ya vidole. Nilimwandikia binti abonyeze pale kwenye barua ya Facebook, lakini kwanza asome vizuri anwani ya mtumaji, asije naye akaingia kwenye mtego mwingine. Akanijibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha mama mambo hayo, na angalia yalikofika. Alibonyeza. Akaulizwa neno la siri jipya. Mama alitaka kulichagua yeye, tukamkatalia wote wawili, mimi Kampemba na yeye kwenye ukumbi wa kanisa. Akaunti ilimtoa kila mtu aliyekuwa ndani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile mwizi alikuwa nje. Binti aliweka namba ya simu ya mama, kode ikaja depo, tukaingia. Kwenye orodha ya wanaoongoza ukurasa palikuwa na jina geni ambalo mwizi alikuwa ameliongeza. Nililitoa, nikajirudisha mimi.

Halafu nikaandika tangazo la pili, kutoka ukurasa wenyewe: tumerudi, aliyekuwa anawaandikia hakuwa sisi, viungo vyote vya siku zile msiviguse, waliosoma kode waje tuwasaidie. Sikukwama kwenye neno la kwanza. Jibu la kwanza chini yake lilikuwa: "Wezi, mulisema tusijibu kitu kinatoka kwenu." La pili lilikuwa la katibu wa kwaya, akiwaonya watu wasidanganyike. Nilicheka, halafu sikucheka. Tulikuwa tumewafundisha vizuri. Kuna waliotoka siku hiyo na hawakurudi, na miongoni mwao lazima wako ambao mtu wao alikuja kuwatafuta pale baadaye. Bado nalifikiria hilo.

Kabla ya kufunga depo, mama aliniomba nimfungulie sanduku la ujumbe aone mwizi aliandika nini kwa jina lake. Nilijaribu kumkwepesha. Alikaa karibu, na miwani yake.

Mazungumzo yalikuwa mengi. Moja lilitoka kwenye akaunti ya msichana ambaye hatumjui, yule mwenzake binti wa darasa, na aliyeitumia kuandika alikuwa binti mwenyewe. Lilianza kwa neno moja.

"Mama?"

Ukurasa ulikuwa umejibu mara moja. "Ndiyo mwanangu."

"Uko salama?"

"Niko salama mwanangu. Bonyeza hapa ujiandikishe, nikutumie nauli."

Binti hakuandika tena. Baadaye, simu ilipopita, alinieleza kwa nini hakubonyeza. Alisema mama yule alikuwa mpole mno.

Mama alisoma polepole, midomo ikicheza. Nilifikiri ataniambia nifute. Nilikuwa nimeshaweka kidole.

"Acha," akasema. Akachukua simu, akabonyeza alama ya sauti chini ya maneno yale ya mwizi, akaanza kuongea na mtoto wake. Alianza kwa kumgombeza: kwamba alikataa kujifunza namba kichwani, kwamba alikwenda barabarani na sweta moja, kwamba hakuna mtu anayepimwa bure. Alisema mengi kuhusu samaki. Alimaliza kwa kumuuliza ukumbi huo una mlango unaofungwa, na alale upande gani.

Ujumbe ulikwenda. Alama zilibaki za kijivu, kule hakukuwa na mtandao. Mama aliweka simu juu ya robota katikati yetu, uso juu, na wabeba mizigo wakaanza kufunga milango, lakini yeye hakuvaa viatu vyake vya barabarani.

"Wewe nenda," akaniambia. "Baba yako atauliza."

Sikwenda.